Majina Matano, Mipangilio 120

Karatasi iko mezani, ina majina matano ya waombaji kazi na maagizo mafupi: wapangwe kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wasifu haukuambatanishwa. Tangazo la kazi halipo, na hakuna aliyesema kigezo ni kipi. Kwa hesabu, watu watano wanaweza kupangwa kwa njia 120, na kwenye karatasi hiyo hakuna kinachoipa njia moja nguvu kuliko nyingine. Hata hivyo, akimpa mtu kalamu, orodha itatoka.

Inatokana na nini? Kwanza, na jina lenyewe. Jina hubeba jinsia, mara nyingi dini, na katika nchi zetu hata kabila na upande mtu alikotoka. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walilipima jambo hilo Marekani, katika miji ya Boston na Chicago. Walituma maombi ya kazi yapatayo 5,000 ya watu wa kubuni, wakiyagawia majina bila kufuata sifa: mengine yalipewa majina yanayosikika ya Kizungu kama Emily na Greg, mengine ya Wamarekani Weusi kama Lakisha na Jamal. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, kundi la kwanza lilipigiwa simu mara 10 hivi kwa kila maombi 100, la pili mara 6 au 7. Na hao waajiri walikuwa na wasifu kamili mbele yao.

Tuseme basi wasifu umepatikana, lakini vigezo bado. Chama cha akiba na mikopo kinatafuta mhasibu, na wamebaki watatu. Asha ana alama 5 kati ya 5 kwa uzoefu wa kufunga hesabu, na 2 kwa vyeti. Baraka ni kinyume chake: uzoefu 2, vyeti 5. Chiku ana 4 na 3. Ukijumlisha, kila mmoja ana 7. Uzoefu ukihesabiwa mara tatu, Asha anapata 17, Chiku 15, Baraka 11. Vyeti vikihesabiwa mara tatu, Baraka anapanda hadi 17, Chiku 13, na Asha anashuka hadi 11. Sifa za watu hazikubadilika hata chembe. Aliyekuwa wa kwanza amekuwa wa mwisho. Anayeamua uzito ndiye anayeajiri.

Ndiyo maana wakati wa kuamua uzito huo una maana kubwa. Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha hivyo katika utafiti wa mwaka 2005 kuhusu nafasi ya mkuu wa polisi. Waombaji walikuwa wa aina mbili: msomi, na mzoefu wa mitaani. Mwanamume alipokuwa ndiye msomi, washiriki walisema elimu ni muhimu sana kwa kazi hiyo. Alipokuwa ndiye wa mitaani, elimu ikapungua umuhimu. Kigezo kilikuwa kinamfuata mtu. Lakini washiriki walipotakiwa kutaja vigezo kabla ya kumwona mwombaji yeyote, upendeleo huo ulitoweka. La kusikitisha ni kwamba waliojiona hawana upendeleo kabisa ndio walioonyesha upendeleo mkubwa zaidi.

Katikati ya miaka ya 1950, Daniel Kahneman, kijana wa miaka 21 hivi katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili walikuwa wakizungumza na kijana kwa dakika 15 au 20, kisha wanakadiria atafaa kiasi gani, na makadirio hayo hayakusaidia chochote. Kahneman alichagua sifa sita, akaandaa maswali ya mambo halisi, kwa mfano kazi alizowahi kufanya kijana na kama alifika kwa wakati, na akataka kila sifa ipewe alama ya 1 hadi 5 kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Wasaili walinung'unika kwamba wanageuzwa mashine. Jumla ya alama hizo ilibashiri vizuri zaidi kuliko ule utaratibu wa zamani. Makadirio yao ya jumla pia yaliboreka, mradi yaje mwishoni, baada ya alama zote kujazwa.

Njia hii ina mwanya wake. Vigezo vinaweza kuandikwa mapema na bado vikashonwa kumtosha mtu anayejulikana: tangazo linadai mchanganyiko wa vyeti na miaka ambao unapatikana kwa mtu mmoja tu, tena usio na uhusiano na kazi yenyewe. Anayekagua faili la ajira huanza na tarehe. Hutazama kama vigezo na uzito wake vilisainiwa kabla ya bahasha za maombi kufunguliwa, na kama kila mjumbe wa jopo alijaza karatasi yake peke yake kabla ya majadiliano. Akikuta karatasi tano zenye alama zilezile kwa kila mwombaji, atawauliza wajumbe nani alijaza kwanza.