Saa ya Mkononi na Maji: Maana ya "Mita 30"

Nyuma ya saa nyingi za mkononi zinazouzwa madukani mjini Bariadi huchorwa alama ya 3 BAR, 3 ATM au 30 M. Zote tatu zina maana moja. Mnunuzi aisomaye alama hiyo hudhani kuwa saa yake yaweza kuzama mita 30 bila ya kudhurika. Baada ya miezi kadhaa ukungu huonekana ndani ya kioo, naye huona kuwa amedanganywa. Alama yenyewe si ya uongo, bali imesomwa visivyo.

Bar moja ni takriban kani ya mgandamizo wa maji yenye kina cha mita 10. Kwa utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Viwango, yaani kiwango ISO 22810 cha mwaka 2010, saa mpya huwekwa katika mgandamizo uliotajwa kwa dakika 10. Saa hiyo imetulia, wala haivutwi kitufe chake. Hivyo, alama hueleza nguvu ya mgandamizo ambao saa mpya iliustahimili, wala si kina ambacho mvaaji anaruhusiwa kupiga mbizi.

Wengi husema kuwa kuogelea huharibu saa kwa sababu mkono unapopiga maji huongeza mgandamizo kupita kiasi. Hesabu haikubaliani nao. Mkono uendao mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa kwa muogeleaji, huongeza mgandamizo sawa na kina cha mita moja na robo tu. Hata mwogaji wa Lamadi, kando ya Ziwa Viktoria, hakaribii mita 30 kwa njia hiyo. Basi chanzo cha madhara kimo mahali pengine.

Maji huzuiwa na pete ndogo za mpira: moja chini ya mfuniko wa nyuma, nyingine katika shina la kitufe cha kurekebishia saa, na katika saa nyingi nyingine tena kuzunguka kioo. Mpira huzeeka. Joto, jasho na sabuni huufanya ukakamae na kupoteza mnepo, nao ukishakakamaa haujazi tena nafasi yake. Alama iliyochorwa kwenye chuma haibadiliki, lakini uwezo uliotajwa na alama hiyo umekwisha pungua.

Mfano wa kawaida ni wa mkulima wa pamba ambaye saa yake imekaa juani hadi joto la nyuzi 45. Arudipo nyumbani hunawa kwa maji ya kisima yenye nyuzi 25. Hewa iliyo ndani ya saa hupoa, na mgandamizo wake hushuka kwa takriban asilimia 6. Tofauti hiyo ni sawa na nusu mita ya maji tu. Kwa pete nzima si kitu. Pete ikiwa imechoka, saa huvuta maji kutoka nje kama bomba la sindano. Kuoga kwa maji ya moto chini ya bomba la mvua, kisha kukaa penye ubaridi, huleta hali ile ile. Tena mvuke na sabuni huingia penye ufa ambao maji baridi yasingepita.

Hatari nyingine hutokea wakati wa kubadilisha betri. Fundi saa akirudisha pete ya zamani ikiwa imejikunja, au mfuniko ukiwa na vumbi la udongo, saa ya bar 3 huwa haina bar hata moja. Inafaa kudai pete mpya iliyopakwa grisi ya silikoni kila betri ibadilishwapo. Kadhalika, kitufe kisivutwe saa ikiwa imelowa.

Kipimo chepesi cha kutambua unyevu kimo katika kiwango hicho hicho. Saa hupashwa joto la nyuzi 40 hadi 45, lisizidi, mpaka iwe na joto hilo yote; kisha tone la maji ya nyuzi 18 hadi 25 huwekwa juu ya kioo. Baada ya dakika moja tone hufutwa. Ukungu ukionekana upande wa ndani, tayari umo unyevu, na saa ipelekwe kwa fundi mara moja kabla kutu haijashika mitambo.

Kwa matumizi ya kila siku, bar 3 ni ya mvua na kunawa mikono. Bar 5 hustahimili kuzamishwa kwa muda mfupi katika maji baridi. Anayeogelea mara kwa mara achague bar 10. Mpiga mbizi ahitaji saa ya kiwango ISO 6425, ambayo kila moja hupimwa peke yake. Maji ya moto yaepukwe kwa saa zote hizo, kwani hakuna alama hata moja kati ya hizi inayohesabu umri wa mpira.