Zawadi ya mjomba kwa mpwa anayeota kandanda

Mpwa wako anatimiza miaka 14, na mfukoni una shilingi 30,000. Jezi inavutia, lakini msimu ujao itakuwa imepitwa. Viatu vya mpira ni vizuri zaidi, ila mguu wa kijana wa umri huo hukua haraka. Mnunulie mpira, pamoja na pampu ndogo na sindano yake.

Chukua namba 5, saizi wanayochezea kuanzia miaka 12 na kuendelea. Namba 4 ni ya wadogo zake. Kama anacheza kwenye uwanja wa changarawe, acha ule wa plastiki nyepesi inayong'aa, maana hupeperuka na upepo na ngozi yake huchunika mapema. Tafuta wenye ngozi nene iliyoshonwa.

Dukani omba ujazwe upepo. Uzungushe sakafuni: ukiyumbayumba, si mviringo sawasawa. Pitisha kidole kwenye mishono, usikute uzi uliolegea. Kisha paka mate kidogo kwenye tundu la upepo na usubiri; mapovu yakitokea, rudisha, chukua mwingine.

Siku ya kumkabidhi, mwonyeshe namna ya kulowesha sindano kabla ya kuichomeka, na kuiingiza ikiwa imenyooka. Sindano kavu ikilazimishwa huchana vali, na mara nyingine hutoboa kibofu cha ndani. Mwambie pia asiujaze hadi uwe mgumu kama jiwe, kwani mishono hufumuka. Chenji ikibaki, mwongezee sindano ya akiba, kwa sababu hupotea na kuvunjika mno.