Usiifute PS4 kwa Sababu Sasisho Limekwama

Swali niulizwalo juu ya PS4 iliyokataa sasisho aghalabu huja na jibu lake mkononi: "Nichague namba saba, nifute yote, nianze upya?" La, usichague; na kwa kuwa dhana hii imekwisha kuenea hata kwa baadhi ya mafundi, sina budi kuubainisha ubatilifu wake.

Namba saba ya menyu ya Safe Mode, iandikwayo kwenye skrini `Initialize PS4 (Reinstall System Software)`, si dawa kali ya maradhi ambayo namba tatu, `Update System Software`, ni dawa yake hafifu. Ni amali nyingine kabisa, iliyokusudiwa diski mpya isiyo na kitu, au ile ambayo mfumo wake umeharibika usirekebishike, nayo hufuta michezo, picha na hatua zote alizofikia mchezaji. Isitoshe, kila moja ina faili lake: la namba tatu ni la megabaiti 500 hivi, la namba saba ni la gigabaiti 1 hivi, na yote mawili, kwa taabu yetu, huitwa `PS4UPDATE.PUP`. Basi mtu huchagua saba ilhali ametia faili dogo, mashine ikamwambia faili halionekani, naye akailaumu flashi na kwenda kununua nyingine, ambayo nayo itamjibu vivyo hivyo.

Nililetewa flashi moja ya namna hiyo, nzima kabisa, folda zake barabara. Ila mwenyewe alikuwa amepakua faili mara mbili, na kompyuta, ili kuyatofautisha, ikaliita la pili `PS4UPDATE (1).PUP`, jina ambalo PS4 hailitambui hata kidogo. Tulifuta mabano na namba yake pamoja na nafasi iliyotangulia, sasisho likapita, wala hakuna kilichofutwa.

Sasa utaratibu, kwa ufupi. Ikiwa upakuaji wa intaneti umekwama, nenda kwenye arifa, lifute sasisho lililopakuliwa nusu, uanze tena. Likigoma, formati flashi kwa FAT32 au exFAT, wala si NTFS. Pakua faili la kusasisha kutoka tovuti rasmi ya PlayStation, ulipange hivi:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Zima mashine kabisa, isiwe imelala tu, chomeka flashi, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, baada ya sekunde 7 hivi, unganisha pedi kwa waya upitishao data, si wa kuchajia tu, bonyeza kitufe cha PS, chagua tatu, kisha flashi, na usikate umeme mpaka ijiwashe yenyewe.

Likishindikana pale pale kila mara, ingawa faili ni sahihi, shuku diski. Kama mashine ingali inawaka, nakili kwanza hatua za michezo kwenye flashi nyingine. Hapo ndipo namba saba ina haki yake, na faili lake liwe lile kubwa.