Fonti Inapokosekana, Usikimbilie Kubadilisha

Mteja amekuletea faili la kadi ya harusi lenye kiambishi .psd, lililotengenezwa na mbunifu mwingine. Anachotaka ni kimoja tu: saa 12 jioni isomeke saa 1 usiku. Unalifungua kwenye Photoshop, na papo hapo unaonywa kwamba kuna fonti zinazokosekana.

Wengi hapa hukubali fonti zote zibadilishwe kwa mkupuo, na hapo ndipo kadi inapoharibika. Majina ya maharusi yaliyokuwa kwa mwandiko wa mkono hugeuka herufi za kawaida, na mistari hurefuka au kufupika.

Faili halijaharibika. Pamoja na maandishi, Photoshop huhifadhi picha ya jinsi kila leya ya maandishi ilivyoonekana mara ya mwisho. Usipoigusa leya hiyo, picha hubaki vilevile hata kama kompyuta yako haina fonti yake. Ukianza kuihariri, programu hulazimika kuyachora maandishi upya, na hapo ndipo fonti huhitajika. Hata kuikuza leya hiyo si salama, kwa sababu picha hiyo hufifia ikivutwa.

Kwa hiyo funga onyo bila kubadilisha chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine, kisha tazama paneli ya leya. Leya yenye fonti inayokosekana huwa na alama ya pembetatu ya tahadhari kwenye herufi T. Mara nyingi utakuta alama iko kwenye majina ya maharusi, huku mstari wa saa ukiwa umeandikwa kwa fonti uliyonayo. Hariri saa, hifadhi, umemaliza. Onyo halikukuhusu.

Alama ikiwa kwenye mstari wa saa wenyewe, bofya leya hiyo mara moja tu, bila kuingia ndani ya maandishi, usome jina la fonti kwenye paneli ya Character. Mwombe mbunifu faili la fonti hiyo hiyo, kwa jina kamili, maana Regular na Bold kwa kawaida ni mafaili mawili tofauti. Ukishaisakinisha, funga kadi na uifungue tena. Pembetatu ikitoweka, fonti imepatikana.

Mbunifu asipopatikana, iache leya ya zamani kama ilivyo na ipunguze uangavu mpaka asilimia 40. Andika mstari mpya katika leya nyingine juu yake, kwa fonti inayokaribiana. Linganisha kimo cha herufi, unene na nafasi kati yake, kisha ufiche leya ya zamani bila kuifuta. Fonti ya kubahatisha haifanani kikamilifu, na tofauti huonekana zaidi kwenye tarakimu. Mwonyeshe mteja kadi hiyo kabla ya kuchapa, na umwambie wazi kwamba mstari wa saa una fonti tofauti.