Bao liko wavuni, kelele bado ziko njiani

Mchezaji anabonyeza kitufe, mshambuliaji anapiga shuti, nyavu zinatikisika. Kisha, baada ya kitambo kidogo kinachotosha kabisa kuudhi, ndipo mlio wa mpira unasikika kwenye sabufa. Mambo haya yapo katika sebule nyingi siku hizi, hasa zile ambazo PlayStation 4 imeunganishwa na runinga bapa, na runinga nayo imeunganishwa na sabufa au saundiba kwa Bluetooth. Kuna nyumba nyingine zenye tatizo zito zaidi: picha ipo, gemu inachezeka, lakini sauti haitoki hata kidogo.

Wengi hukimbilia kulaumu mashine ya gemu. Mara nyingi mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye safari ambayo sauti inapitia, na safari hiyo ina vituo vitatu: mashine, runinga, spika. Anayejua sauti imekwama kituo gani hahitaji kununua kitu kipya, au akinunua, ananunua waya wa bei ndogo.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mashine hizi hazifanani mgongoni. PS4 ya mwanzo iliyotoka mwaka 2013 ina tundu la OPTICAL, linalotoa sauti kwa mwanga kupitia waya mwembamba. PS4 Slim ya mwaka 2016 haina. PS5 na Xbox Series X na S, zote za mwaka 2020, nazo hazina. Mashine hizi hutoa picha na sauti kwa pamoja kupitia tundu moja la HDMI, na ndiyo maana sauti inalazimika kwenda kwanza kwenye runinga kabla ya kufika kwenye spika. Wanaojaribu kuunganisha PS4 au PS5 moja kwa moja na spika ya Bluetooth hupoteza muda wao bure, kwa kuwa mashine hizo hazipokei spika wala hedifoni za kawaida za Bluetooth. Nintendo Switch ndiyo iliyokuja kuruhusu jambo hilo, kwa sasisho la Septemba 2021.

Tuchukue nyumba yenye PS4 Slim, runinga ya inchi 43 na sabufa ya spika mbili ndogo na boksi moja la besi. Kijana wa nyumba hiyo ameunganisha runinga na sabufa kwa Bluetooth, na sauti inachelewa. Sababu ni kwamba runinga inaibana sauti kwanza ili iwe ndogo, inairusha hewani, sabufa inaipokea, inaweka akiba kidogo ili isikatikekatike, kisha inaifungua na kuipiga. Kazi yote hiyo huchukua kiasi cha milisekunde 100 hadi 300. Gemu ya mpira huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti iliyochelewa milisekunde 200 inafika wakati picha 12 zimeshapita.

Kwenye filamu jambo hilo halisumbui sana, maana runinga nyingi huweza kuichelewesha picha kidogo ili ilingane na sauti. Kwenye gemu haiwezekani. Picha ikicheleweshwa, na vidole navyo vitakuwa vimechelewa, mchezaji atabonyeza na mtu wake atasimama kwanza kabla ya kupiga. Ndiyo maana Bluetooth inafaa kwa muziki na taarifa ya habari, lakini kwa gemu haifai, hata sabufa iwe ya gharama gani.

Dawa yake ni waya. Nyuma au ubavuni mwa runinga nyingi kuna tundu dogo la hedifoni, lenye alama ya hedifoni au maandishi kama AUDIO OUT. Waya unaohitajika una kichwa kimoja chembamba upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Ni waya uleule ambao mafundi wa redio wamekuwa wakiuuza miaka yote kwa ajili ya kuunganisha simu na redio kubwa. Kichwa chembamba kinaingia kwenye runinga, chekundu na cheupe vinaingia kwenye sabufa palipoandikwa AUX. Kisha sabufa ibonyezwe kitufe cha INPUT mpaka AUX itokee, kwa sababu ikibaki kwenye BT au USB haitasikia kitu.

Hapa ndipo kosa moja hufanyika kila mara. Runinga nyingi zina matundu mekundu na meupe mgongoni, na mtu akiyaona anachomeka hapohapo kwa kuwa rangi zinalingana. Lakini matundu hayo mengi yameandikwa AV IN, yaani ni ya kupokea sauti kutoka kwenye deki, si ya kutoa. Waya unakaa vizuri, rangi zinapendeza, na ukimya unabaki palepale. Neno la kutafuta ni OUT.

Sauti ikishatoka, iongezwe ya runinga kwanza mpaka karibu robo tatu, ndipo sabufa ipandishwe taratibu. Ukifanya kinyume, runinga ikiwa chini na sabufa juu kabisa, unasikia mvumo wa umeme kuliko sauti ya gemu yenyewe.

Sasa kuna runinga ambazo hazina tundu la hedifoni. Zina OPTICAL peke yake, na sabufa haina tundu la namna hiyo. Madukani kuna kigeuzi kidogo, kiboksi kinachoingia mkononi, chenye tundu la mwanga upande mmoja na matundu mekundu na meupe upande wa pili. Kinahitaji umeme wa volti 5, na kwa kawaida waya wake wa umeme huchomekwa kwenye USB ya runinga yenyewe. Ni kifaa kizuri, ila ndicho kinacholeta malalamiko mengi zaidi ya sauti kupotea.

Fundi aliyeitwa kwa tatizo la namna hii huanza na waya wa mwanga. Ncha zake huja zimevishwa vifuniko vidogo vya plastiki, na wapo wanaochomeka bila kuvitoa. Vikishatoka, ncha moja ichomekwe kwenye runinga na nyingine itazamwe: mwanga mwekundu ukionekana, runinga inatuma kitu. Kama mwanga upo na kigeuzi kina umeme, lakini kwenye sabufa kuna ukimya au mkwaruzo kama mvua inayopiga bati, basi chanzo ni aina ya sauti inayotumwa.

PS4 inaweza kutoa sauti ya kawaida isiyobanwa, iitwayo PCM, au sauti iliyofungwa kwa mtindo wa Dolby au DTS kwa ajili ya mitambo mikubwa ya spika tano na besi. Kigeuzi cha bei nafuu kinaelewa PCM tu. Kikiletewa Dolby, ama kinanyamaza ama kinatoa mkwaruzo. Dalili iliyo wazi ni pale YouTube ya runinga inaposikika vizuri kwenye sabufa lakini ukirudi kwenye gemu kunakuwa kimya. Waya ni uleule, kigeuzi ni kilekile. Kilichobadilika ni namna sauti ilivyofungwa.

Marekebisho yanafanyika sehemu mbili. Kwenye PS4, ingia hapa:

```
Settings > Sound and Screen > Audio Output Settings
Audio Format (Priority): Linear PCM
```

Kisha kwenye menyu ya sauti ya runinga, tafuta Digital Output au jina linalofanana na hilo, uitoe kwenye Auto au Dolby na uiweke PCM. Ukirekebisha upande mmoja tu, tatizo linaweza kurudi siku nyingine. Wenye saundiba za bei ndogo zenye OPTICAL wafanye vivyo hivyo, kwani baadhi yake zina udhaifu uleule. Kwenye PS5 njia ni Settings, kisha Sound, kisha Audio Output, na hapo mashine yenyewe inauliza kama kilichounganishwa ni televisheni, saundiba au amplifaya.

Kabla ya kugusa menyu hizo zote, mtu athibitishe kwamba hakuna hedifoni iliyosahaulika kwenye padi. PS4 ikiwa imepangiwa kupeleka sauti zote kwenye hedifoni, runinga na sabufa vitanyamaza kabisa, na mtu anaweza kuhangaika jioni nzima kumbe hedifoni imelala chini ya mto.

Mwenye saundiba ya kisasa ana njia iliyo bora kuliko zote hizi: waya wa HDMI kati ya saundiba na lile tundu moja la runinga lililoandikwa ARC au eARC. Matundu mengine ya HDMI hayarudishi sauti, hivyo kuchomeka HDMI 1 wakati ARC ni HDMI 2 ni sawa na kutochomeka. Pia runinga lazima iruhusiwe kuzungumza na vifaa vingine kwa utaratibu wa CEC, ambao Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink na Sony huuita BRAVIA Sync. Ikiwa jana iliimba na leo imenyamaza bila mtu kubadilisha chochote, chomoa runinga, saundiba na mashine kwenye soketi, subiri dakika chache, kisha uwashe runinga kwanza, saundiba ifuate, mashine iwe ya mwisho. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwani vifaa vinabaki macho nusu na vinakumbuka maelewano yaleyale mabovu.

Linabaki suala la sauti inayochelewa hata kwa waya. Jaribio lake ni jepesi: zima sabufa, rudisha sauti kwenye spika za runinga, tembeza mshale kwenye menyu ya PS4 na usikilize mlio wake. Kama runinga peke yake inaenda sawa na sabufa ndiyo inachelewa, zima madoido ya sauti ya kuzunguka yaliyowashwa, maana nayo yanakula muda. Kama hata runinga inachelewa kwa kila kitu, picha na sauti pamoja, washa Game Mode ili iache kuipamba picha kabla ya kuionyesha.

Menyu nyingi pia zina kipimo cha kurekebisha ulinganifu, chenye jina kama Audio Delay au AV Sync. Watu hukipandisha wakidhani kitaiharakisha sauti. Kwa kawaida kipimo hicho huichelewesha tu. Kinafaa pale sauti inapoitangulia picha. Sauti ikiwa tayari iko nyuma, kirudishwe sifuri na usikiguse tena.

Masikio nayo yana uvumilivu wake. Kwa vipimo vya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, watazamaji wa televisheni huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hawaigundui mpaka ifike kama 125. Mchezaji mwenye kidole kwenye kitufe ni mkali kuliko mtazamaji, kwa kuwa anajua hasa ni lini alibonyeza.

Kwa hiyo anayetaka kununua saundiba kwa ajili ya gemu aigeuze runinga yake kwanza, asome kilichoandikwa mgongoni, aende dukani akijua kama ana ARC, OPTICAL au tundu la hedifoni peke yake. Muuzaji akimwambia Bluetooth inatosha, amwombe saundiba yenye tundu la waya.