Mwaka mmoja wa masomo bila mshahara: gharama yake kwa mwalimu wa Katilu

Mwalimu wa shule ya msingi mjini Katilu mwenye cheti au diploma, akitaka shahada, ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuomba likizo ya masomo bila malipo, afunge nyumba, aende chuoni mwaka mzima. Ya pili ni kubaki darasani na kusoma wakati wa likizo za shule, mwezi wa nne, wa nane na mwisho wa mwaka, hata kama itamchukua miaka zaidi. Wengi huzilinganisha njia hizi kwa karo tu. Karo ni sehemu ndogo ya hesabu, na mara nyingi hulipwa kwa njia zote mbili. Kitu kinachozitofautisha ni mshahara usioingia, pensheni isiyowekwa na nyongeza inayorukwa.

Nitumie mwalimu wa mfano, mwenye umri wa miaka 35, aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Takwimu za mshahara wake nimezifanya za mviringo ili hesabu ifuatike. Wewe weka zako kutoka kwenye hati yako ya mshahara. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 40,000, marupurupu ya nyumba 10,000, ya usafiri 5,000, na ya mazingira magumu, ambayo walimu wa Turkana hulipwa, 10,000. Jumla ni 65,000 kwa mwezi, yaani 780,000 kwa mwaka.

Hapo ndipo watu hukosea mara ya kwanza, kwa kusema hasara ni 780,000. Sivyo, kwa sababu pesa hizo hazikuwa zikimfikia zote. Kila mwezi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya pensheni, asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kisha kodi ya mapato. Kwa viwango vya kodi vya mwaka 2025, anabaki na takriban 49,000 mkononi, kabla ya mikopo. Kwa miezi 12 hiyo ni kama 589,000. Hii ndiyo pesa ambayo familia itaikosa jikoni, na ndiyo ya kwanza kuandikwa.

Mstari wa pili hauonekani jikoni, kwa hiyo husahaulika. Tangu Januari 2021 watumishi wa umma waliokuwa chini ya miaka 45, walimu wakiwemo, wamo katika mpango wa pensheni wa kuchangia, PSSS. Mwanachama huweka asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali huweka asilimia 15. Kwa mwalimu wetu hiyo ni 3,000 yake na 6,000 ya serikali kila mwezi. Mshahara ukisimama, yote mawili husimama, na mwaka ukiisha akaunti yake imekosa 108,000. Ile 36,000 ya kwake anaweza kuifidia baadaye kwa kujinyima na kuweka akiba zaidi. Ile 72,000 ya serikali haina mtu wa kuirudisha.

Tena 108,000 ya leo si 108,000 ya siku ya kustaafu. Mwalimu huyu amebakiwa na miaka 25 kufika 60. Mfuko ukikua kwa asilimia 3 tu kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, pesa hizo zingefika kama 226,000 kwa thamani ya leo. Nimechagua asilimia ndogo makusudi, na hata hivyo zimeongezeka zaidi ya maradufu. Ndiyo maana mwaka uliorukwa ukiwa na miaka 35 unauma kuliko ule uliorukwa ukiwa na 55.

Waliokuwa na miaka 45 au zaidi mwaka 2021 na wakabaki katika pensheni ya zamani wana hesabu nyingine. Kwao kila mwezi kamili wa utumishi huhesabiwa kama sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwisho. Miezi 12 isiyohesabiwa ni sehemu moja ya 40. Anayestaafu akipata msingi wa 60,000 kwa mwezi atapungukiwa na 18,000 za pensheni kila mwaka, maisha yake yote yaliyobaki. Jambo la kufuatilia ni kama miezi ya likizo itahesabiwa kuwa ya utumishi au la, na jibu hilo linafaa kupatikana kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Kisha kuna nyongeza, na hapa naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo walimu huvichanganya. Nyongeza ya mkataba wa pamoja kati ya TSC na vyama vya walimu, kama ule wa 2025 hadi 2029, huinua ngazi nzima ya mshahara. Ukiwa likizoni ikapandishwa, utarudi na kukuta ngazi yako imeinuliwa pamoja na za wenzako. Umekosa miezi ile tu, ambayo tayari tumeihesabu. Lakini nyongeza ya kila mwaka ndani ya daraja lako hupatikana kwa kufanya kazi. Mwaka bila mshahara huisogeza mbele tarehe yako ya nyongeza, na ukirudi uko hatua moja nyuma ya yule mliyeajiriwa naye siku moja.

Hatua hiyo moja haikomi mwaka ule. Tuseme nyongeza ni 1,500 kwa mwezi, na mwalimu wetu alikuwa amebakiza hatua sita kufika kilele cha daraja. Mwenzake atamzidi kwa 1,500 kila mwezi kwa miaka sita, mpaka naye afike kileleni wawe sawa. Hiyo ni 108,000 kabla ya makato: kama 67,000 za mkononi, na kama 24,000 za pensheni zikijumlishwa za pande mbili. Aliyekwisha kufika kilele cha daraja kabla ya kuondoka hapotezi kitu kwenye mstari huu. Kwa hiyo kabla ya kuomba likizo, tazama uko hatua ya ngapi.

Tukijumlisha, 589,000, 108,000 na 91,000 zinafika 788,000, bila karo na bila kodi ya chumba cha mwanafunzi. Sehemu kubwa ya bei hii huhesabika kwa mwezi: kila mwezi bila mshahara unagharimu 49,000 za mkononi na 9,000 za pensheni, jumla 58,000. Ni kipimo kizuri, kwa sababu kinakuwezesha kuuliza iwapo kila mwezi unaouomba unahitajika kweli.

Sasa upande wa faida. Wengi bado wanaamini kwamba shahada ikiwekwa mezani, cheo kinafuata. Kwa mwalimu wa shule ya msingi mambo hayako hivyo tena. TSC iliacha kupandisha walimu moja kwa moja kwa sababu ya karatasi mpya, na mwongozo wake wa vyeo unatazama pia miaka iliyotumikwa katika daraja, tathmini ya kazi, nafasi zilizopo na usaili. Shahada hukufungulia mlango wa kuomba. Mwaka wa likizo bila malipo, kwa upande mwingine, huenda usihesabiwe katika miaka ile ya daraja.

Tuchukue kwamba cheo kinakuja, na kinaongeza 10,000 kwenye mshahara wa msingi. Baada ya makato atapata kama 6,200 mkononi na 2,250 za pensheni, karibu 8,400 kwa mwezi. Ukigawanya 788,000 kwa hizo utapata miezi kama 94, karibu miaka minane ya kurudisha kilichopotea, kuanzia siku cheo kinapopatikana.

Linganisha na anayesoma likizoni. Tuseme njia yake inamchelewesha cheo kwa miaka miwili. Miezi 24 ya kukosa 8,400 ni kama 202,000. Hata ukimwongezea nauli za kwenda chuoni kila muhula wa likizo na chumba cha kukodi kwa wiki hizo, bado yuko mbali na 788,000. Kwa takwimu hizi, likizo ya mwaka mzima hulipa tu ikiwa itawahisha cheo kwa karibu miaka minane, na sijui mazingira ya kawaida ambamo hilo linawezekana. Kuchelewa ni rahisi kuliko kuondoka. Mwalimu anayebaki pia ana Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana pale Lodwar, anapofika kwa gari kupitia Lokichar bila kuvuka kwenda Kitale au Eldoret. Cha kuangalia ni kama kozi anayoitaka inafundishwa huko, na wakati wa likizo.

Ipo njia ya kati ambayo ningeipa uzito zaidi kuliko inavyopewa. Soma miaka ya mwanzo wakati wa likizo, kisha omba likizo bila malipo ya muhula mmoja tu, pale ambapo mazoezi ya kufundisha au utafiti vinakulazimu kuwa chuoni. Miezi minne ni kama 232,000, chini ya theluthi moja ya bei ya mwaka.

Jambo moja huharibu mipango mingi ya nyumbani, nalo ni mkopo wa sakko. Makato ya mkopo hutoka kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, mkopo haukomi, na riba inaendelea. Miezi michache ikipita bila malipo, sakko huwageukia wadhamini, ambao aghalabu ni walimu wenzako wa shule hiyohiyo. Mwenye mkopo wa 12,000 kwa mwezi anahitaji 144,000 za akiba kabla ya kuondoka, au makubaliano mapya na sakko. Shamba la umwagiliaji kando ya Turkwel linaweza kulisha nyumba kwa mahindi na mtama, lakini malipo ya sakko yanataka pesa taslimu kila mwezi.

Kwa mwalimu anayefanya kazi Kakuma kwa mkataba na shirika, sura ni nyingine kidogo. Pensheni yake ya lazima ni NSSF, asilimia 6 kwake na 6 kwa mwajiri, kwa hiyo anachopoteza hapo ni kidogo kuliko mwalimu wa TSC. Hatari yake kubwa ni mkataba kuisha akiwa masomoni, akakosa pa kurudi.

Ukishaamua kuomba, barua yako iulize mambo yafuatayo, na usiondoke kabla ya kujibiwa. Je, tarehe ya nyongeza itasogezwa kwa miezi mingapi? Je, muda huo utahesabiwa katika daraja na katika pensheni? Je, bima ya matibabu ya mwajiri itaendelea kuwafunika wewe na watoto? Ikiwa haitaendelea, asiye na mshahara hujilipia bima ya afya ya jamii mwenyewe, si chini ya 300 kwa mwezi. Na je, bima ya maisha ya PSSS, ambayo sheria inaitaka isipungue mara tano ya mshahara wa msingi wa mwaka, itakuwa hai muda wote huo? Kwa mwalimu wetu hiyo ni 2,400,000 ambazo familia yake ingelipwa akifariki akiwa kazini, na anayesafiri barabara ya Lokichar ana sababu ya kutaka kujua.