Simu Ikizama Ziwani

Video ile ilikuwa ya sekunde 90. Noti ya shilingi elfu kumi ilichomoza mkononi mwa mwanamke aliyechorwa katuni, ikaota mbawa, ikapaa juu ya nyumba na milima, ikatua ndani ya simu ya mtu wa mbali. Sauti ya msimulizi, changamfu kama ya tangazo la sabuni, ikasema: "Sasa pesa yako inasafiri kwa kasi ya umeme!" Tuliionyesha kwa wauza dagaa katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, watu wanaofunga fedha kwenye pindo la khanga na kulala nazo. Ilipokwisha, mama mmoja aliyekaa juu ya gunia alinigeukia akaniuliza: "Mwanangu, kama hela imeingia kwenye simu, simu ikizama ziwani je?"

Nimeandika simulizi za video za namna hii kwa miaka kadhaa, na hakuna swali lililonifundisha kazi kuliko hilo. Mama yule alikuwa ameielewa video yetu barabara. Tulimwonyesha hela ikiingia kwenye simu, naye akafikia hitimisho lililo sahihi kabisa kwa picha aliyopewa. Kosa lilikuwa kwenye picha. Tena hela iliyoota mbawa, kwa mtu anayeitafuta kwa jasho, ni hela iliyopeperuka.

Jambo ambalo simulizi ya aina hii inapaswa kulisema mapema ni kwamba noti haisafiri. Mtu akiweka hela kwa wakala, noti zile zinabaki kwenye droo ya wakala, palepale kibandani. Kinachobadilika ni maandishi kwenye daftari la kampuni ya simu kuhusu nani anadai kiasi gani. Ili kuliona hilo inafaa tuzifuate shilingi chache mpaka mwisho wa safari yake.

Wakala anayeanza kazi hupeleka kwanza hela yake mwenyewe benki. Tuseme ni shilingi 1,000,000. Kwa hela hiyo anapewa kile mawakala wanachokiita floti, yaani salio la shilingi 1,000,000 kwenye laini yake ya kazi. Anakuja mama wa dagaa na shilingi 50,000. Wakala anazitia kwenye droo, na kutoka kwenye floti yake anamhamishia mama salio la 50,000. Floti ya wakala sasa ni 950,000, salio la mama ni 50,000, na kule benki bado kuna 1,000,000 ileile. Jioni mama anamtumia mwanawe aliyeko Musoma 30,000. Benki hakujaguswa, tukiacha ada kando, daftari limeandika tu kwamba mama anadai 20,000 na kijana anadai 30,000. Kijana anakwenda kwa wakala wa Musoma kutoa. Wakala yule anampa noti za droo yake mwenyewe, na floti yake inaongezeka 30,000. Noti za Kirumba ziko Kirumba na za Musoma zimetoka Musoma.

Ile fedha iliyolala benki hukaa kwenye akaunti ya amana. Nchini Tanzania, Kanuni za Fedha za Kielektroniki za mwaka 2015 zinamtaka mtoa huduma awe na benki fedha inayolingana na jumla ya masalio ya wateja na mawakala, ikitengwa na fedha ya kampuni yenyewe. Si fedha ya kulipia mishahara wala kujengea minara. Fedha hiyo huzaa faida, na Tigo Pesa, kama ilivyoitwa wakati huo, ilianza mwaka 2014 kuwagawia wateja wake faida ya akaunti ya amana. Huwa ninawatajia hilo wenye mashaka, kwa sababu mtu aliyewahi kuona shilingi mia kadhaa zimeongezeka kwenye salio lake bila kutumiwa na mtu huuliza zimetoka wapi, na jibu linampeleka moja kwa moja benki.

Na mashaka haya hayana uhusiano na kutojua kusoma. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Desemba 2008 aliyekuwa kaimu waziri wa fedha, John Michuki, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe. Waziri mzima alikuwa akiuliza kwa lugha ya serikali swali lilelile la Kirumba: hela za watu ziko wapi? Mapema mwaka uliofuata wakaguzi walijibu kwamba huduma ni salama, lakini swali lilistahili kuulizwa.

Tulipoketi kuiandika upya ile simulizi tulikwama kwenye maneno. Mteja wetu alitaka "mkoba wa kidijitali". Neno mkoba lina tatizo lilelile la noti yenye mbawa, kwani mkoba hubeba kilichomo ndani yake, na mkoba ukiibiwa kilichomo kimekwenda nao. Mwenzangu akapendekeza tufananishe huduma na kijumbe wa mchezo wa kupeana, anayepokea michango na kuiandika. Mfano huo unafahamika kila mtaa, ila karibu kila mtaa pia unamjua kijumbe aliyetoroka. Wapo na wanaoikumbuka DECI, ule mpango wa kupanda na kuvuna uliofungwa mwaka 2009 huku wengi wakiwa wamepanda bila kuvuna. Mfano ukichukuliwa huja na hofu zake zote. Mwishoni tulibaki na daftari, kwa sababu wauza dagaa wanaishi kwa daftari: nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa, nani anadaiwa. Wanajua pia kwamba daftari likiwa la haki, deni halipotei kwa sababu mdai ameangusha simu.

Kisha kuna suala la muda. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mimi sihesabu maneno, nahesabu silabi. Kwa msikilizaji mwenye wasiwasi, katikati ya kelele za soko na spika ndogo ya simu, silabi nne kwa sekunde zinamtosha, na kila kiasi cha fedha kinapotajwa msomaji anyamaze sekunde nzima. Kwa sekunde 90 hiyo ni nafasi ndogo mno. Msomaji tuliyemchagua alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kawaida, na tulimwomba asome kama anayemweleza dada yake, asichangamke kabisa. Uchangamfu kwenye habari za fedha huwakumbusha watu matapeli.

Hii ndiyo simulizi tuliyorudi nayo:

"Mama, hizi ni elfu hamsini za dagaa wako. Wakala anazipokea, anazihesabu, anazifungia kwenye droo yake. Hazijaenda popote. Ila wakala huyu alitangulia kuweka hela yake benki, na imeandikwa kwenye daftari la kampuni kwa jina lake. Sasa elfu hamsini zinatoka kwenye jina lake, zinaandikwa kwenye jina lako. Usiondoke kabla hujaliona salio lako mwenyewe.

"Simu ikizama ziwani, imezama simu. Jina lako limebaki kwenye daftari. Nenda na kitambulisho chako, urudishiwe laini, na hela yako utaikuta.

"Lakini ukimtajia mtu namba yako ya siri, umempa hela yako. Hata akisema anapiga kutoka kampuni. Hata akikuita mama. Na ukiituma kwa asiyehusika, naye akawahi kuitoa, huenda isirudi. Soma jina kabla ya kuthibitisha."

Aya ya mwisho ndiyo iliyotugombanisha na mteja. Aliona si busara kumtisha mtu unayetaka kumvuta. Mimi naamini kinyume chake, na nililisimamia hilo hadi dakika ya mwisho. Mtu asiyeamini amekwisha kusikia hadithi za walioibiwa, na video inayonyamaza juu ya wizi anaiweka kundi moja na wezi. Zaidi ya hapo, hasara nyingi za huduma hii hazitokani na benki wala daftari. Zinatokea pale mwenye hela anapodanganywa aitoe kwa mkono wake mwenyewe.

Tanzania nzima inaujua ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Unafika bila salamu wala jina, na unamnasa yule ambaye kweli siku hiyo alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Dawa yake ni kumpigia unayemdai au anayekudai kwa namba unayoijua, na ujumbe wenyewe unaweza kuupeleka 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli. Wa pili ni ujinga wa kutisha zaidi kwa wafanyabiashara: mnunuzi anachukua mzigo, simu ya muuzaji inalia, meseji inasema umepokea 200,000. Meseji hiyo mtu yeyote anaweza kuiandika. Ukiitazama vizuri mara nyingi imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si kwenye jina la huduma, na ushahidi wa kweli ni salio. Mwenye laini ya Vodacom anapiga *150*00#, wa Airtel *150*60#, anaangalia salio, kisha ndipo gunia linapanda kwenye baiskeli.

Liko jambo jingine ambalo halikupata nafasi kwenye sekunde 90, nami nalijutia. Mara nyingi mtu huacha kuiamini huduma siku anapokwenda kutoa hela akaambiwa "hakuna". Anaondoka akiamini hela yake imeliwa. Kumbe wakala ameishiwa noti kwenye droo, kwa kuwa siku hiyo wengi walikuja kutoa na wachache kuweka. Salio la mteja liko palepale, na wakala wa kibanda cha jirani anaweza kumlipa. Kinyume chake, wakala akisema hana floti, maana yake ana noti ila hana salio la kukuhamishia; usimwachie hela kwa ahadi kwamba atakuwekea baadaye, maana hapo bado huna jina kwenye daftari lolote.

Tulirudi Kirumba na video mpya. Noti haikupaa. Ilionekana ikiingia kwenye droo, droo ikafungwa, na ukurasa wa daftari ukafunguliwa. Mama yule alikuwepo, na alitaka iwekwe mara ya pili. Kisha akauliza: "Na kutoa ni shilingi ngapi?"

Hatukuwa tumesema. Tuliona video huishi muda mrefu kuliko viwango vya ada, na hilo ni kweli: Julai 2021 tozo ya serikali ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala iliongezwa juu ya ada za kampuni, na miezi miwili baadaye ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini mtu aliyekatwa kiasi asichokitarajia huhesabu kwamba ameibiwa, hata kama kila shilingi ilikuwa kwa mujibu wa bei. Tulirudi studio, tukapunguza vituo vya msomaji, tukapata nafasi: "Kuweka ni bure. Kutoa kuna ada. Uliza ni kiasi gani kabla hujatoa, au soma bango ukutani kwa wakala."